Karata nane za kopa mkononi, na njia mbili za kuzipanga

Umegawiwa karata nane, zote kopa, nazo zimekujia mkononi hivi, kutoka kushoto kwenda kulia:

7 3 10 5 2 9 8 4

Unazitaka zianze na ndogo, ziishie na kubwa. Aliyezoea karata hata hafikirii. Jicho linaiona ile mbili, vidole vinaichomoa na kuichomeka mwanzoni, kisha zamu ya ile nne, na baada ya sekunde chache mkono umenyooka. Kompyuta haina jicho la kuutazama mkono mzima kwa mara moja. Inachoweza ni kuchukua karata mbili, kuuliza ipi kubwa, na kuhamisha. Basi tujifunge sheria hiyo hiyo: karata umezitandaza kama pepeo, lakini kila unapoangalia unaona mbili tu. Ukiangalia mbili, hiyo ni hesabu ya ulinganisho mmoja. Tutahesabu ulinganisho huo, kwa sababu ndio gharama kubwa ya kazi hii.

Njia ya kwanza ni ya viputo, ambayo kwenye msimbo utaikuta ikiitwa `bubble_sort`. Anza kushoto kabisa. Angalia karata mbili zinazopakana; ikiwa ya kushoto ni kubwa kuliko ya kulia, zibadilishane nafasi. Sogea hatua moja kulia, ufanye vivyo hivyo, mpaka mwisho. Kisha rudi mwanzo.

Tuifanye kweli. Saba na tatu: saba ni kubwa, zinabadilishana. Saba na kumi: ziko sawa, tunaziacha. Kumi na tano: zinabadilishana. Kuanzia hapo ile kumi haina mpinzani. Inaipita mbili, inaipita tisa, inaipita nane, inaipita nne, mpaka inafika mwisho. Ndiyo maana ya jina: karata kubwa inapanda kama kiputo cha hewa kinavyopanda juu ya maji. Mzunguko wa kwanza umekula ulinganisho 7, na mkono sasa uko hivi:

3 7 5 2 9 8 4 10

Ile kumi imeshafika kwake, kwa hiyo mzunguko wa pili hauna haja ya kuigusa. Unakula ulinganisho 6, wa tatu 5, na kuendelea kupungua. Mkono unabadilika hivi:

3 5 2 7 8 4 9 10
3 2 5 7 4 8 9 10
2 3 5 4 7 8 9 10
2 3 4 5 7 8 9 10

Huo wa mwisho ni baada ya mzunguko wa tano. Macho yetu yanaona kazi imekwisha, lakini njia ya viputo haijui. Inazunguka mara ya sita, inalinganisha mara mbili, haibadilishi chochote, na kwa kutobadilisha chochote ndipo inapojua kwamba imemaliza. Jumla ni ulinganisho 27, na karata zimebadilishana nafasi mara 15.

Hebu tuifuatilie ile nne. Ilianza mwisho kabisa, nafasi ya nane. Mzunguko wa kwanza uliisogeza mpaka nafasi ya saba, wa pili mpaka ya sita, wa tatu mpaka ya tano, wa nne mpaka ya nne, na wa tano ndio ulioifikisha kwake, nafasi ya tatu. Mizunguko mitano kwa hatua tano. Ile kumi yenyewe ilivuka hatua tano kwa mzunguko mmoja tu. Kwa nini upendeleo huu? Kwa sababu tunatembea kutoka kushoto kwenda kulia. Karata kubwa tunatembea nayo, imeshikana na sisi. Karata ndogo tunapishana nayo: tunaisogeza hatua moja kushoto, halafu tunaiacha nyuma mpaka tutakaporudi.

Jambo hili lina matokeo ya kushangaza. Chukua mkono ambao una karata moja tu isiyo mahali pake:

10 3 4 5 6 7 8 9

Viputo vinaumaliza kwa mizunguko miwili, ulinganisho 13: mmoja wa kuipeleka kumi mwisho, mwingine wa kuhakikisha. Sasa chukua mkono huu, ambao nao una karata moja tu iliyopotea:

3 4 5 6 7 8 9 2

Hapa mbili lazima isogee hatua saba kwenda kushoto, na kila mzunguko unaipa hatua moja. Mizunguko yote saba inatumika, ulinganisho 28, ambao ndio mwingi kuliko wowote unaowezekana kwa karata nane. Kwa macho mikono hii miwili imevurugika kwa kiasi kile kile. Kwa hiyo anayekwambia viputo vinafaa kwa orodha iliyokaribia kupangika, muulize kwanza: kilichopotea ni kikubwa kilicho mwanzoni, au kidogo kilicho mwishoni?

Lakini chanzo cha udhaifu wa viputo ni kirefu zaidi ya mwelekeo wa kutembea, maana hata ukiamua kwenda na kurudi, tatizo linabaki. Turudi kwenye mkono wetu wa kwanza, tuhesabu jozi zilizopinduka, yaani kila karata kubwa inayotangulia ndogo, hata kama haziko jirani. Saba imetangulia tatu, tano, mbili na nne: jozi 4. Tatu imetangulia mbili: 1. Kumi imetangulia tano, mbili, tisa, nane na nne: 5. Tano imetangulia mbili na nne: 2. Tisa imetangulia nane na nne: 2. Nane imetangulia nne: 1. Jumla 15.

Ni idadi ile ile ya mara ambazo karata zilibadilishana nafasi, na haijatokea kwa bahati. Ukibadilisha karata mbili zinazopakana, uhusiano wao wao kwa wao ndio pekee unaogeuka. Kwa karata nyingine zote, zile mbili bado ziko upande ule ule. Kwa hiyo badiliko moja linanyoosha jozi moja iliyopinduka, haliwezi kunyoosha mbili. Mkono wenye jozi 15 zilizopinduka utadai mabadiliko 15, ufanye ujanja wowote, alimradi unabadilisha jirani na jirani.

Sasa fikiria pakiti nzima ya karata 52, bila jokari, umezipa namba 1 hadi 52. Kuna jozi 1,326 kwa jumla. Ukizichanga vizuri, kila jozi ina nusu kwa nusu ya kupinduka, hivyo wastani ni jozi 663 zilizopinduka. Hapo ndipo viputo vinapokwama: vinalipa deni hilo jozi moja baada ya nyingine.

Swali basi ni hili: je, kuna namna ya kulinganisha mara moja na kunyoosha jozi kadhaa kwa mpigo?

Ipo, na ndiyo siri ya njia ya pili, ya kugawa na kuunganisha, inayoandikwa `merge_sort`. Kwa njia hii utahitaji meza, kwa sababu mkono hautatosha. Gawa karata zako mafungu mawili ya nne nne, kila fungu uligawe mara mbili tena, na tena, mpaka kila karata imekaa peke yake. Karata moja peke yake imeshapangika. Haina wa kutangulia wala wa kufuata. Kisha anza kuunganisha kurudi juu.

Saba na tatu zinakuwa 3 7. Kumi na tano zinakuwa 5 10. Mbili na tisa zilikuwa sawa, 2 9. Nane na nne zinakuwa 4 8. Ulinganisho 4 umetumika.

Sasa weka 3 7 upande mmoja na 5 10 upande wa pili. Kila fungu limepangika, kwa hiyo karata ndogo kuliko zote nne lazima iwe mojawapo ya zile mbili za mbele. Linganisha tatu na tano: chukua tatu. Saba na tano: chukua tano. Saba na kumi: chukua saba. Kumi imebaki peke yake, inaingia bila kuulizwa. Tumepata 3 5 7 10 kwa ulinganisho 3. Mafungu ya upande wa pili yanafanywa vivyo hivyo na kutoa 2 4 8 9, ulinganisho 3 mwingine.

Hatua ya mwisho ndiyo tamu, tuitazame polepole. Mezani kuna mafungu haya:

3 5 7 10
2 4 8 9

Linganisha karata za mbele, tatu na mbili. Mbili ni ndogo, ichukue. Angalia kilichotokea hapo. Mbili ilikuwa kwenye fungu la kulia, nyuma ya tatu, tano, saba na kumi. Jozi nne zilizopinduka. Umeilinganisha na tatu tu, na zote nne zimenyooka kwa mara moja. Hukuhitaji kuiuliza tano, wala saba, wala kumi, kwa sababu ulishajua kwamba zimepangwa nyuma ya tatu: kilicho kidogo kuliko tatu ni kidogo kuliko zote. Kazi uliyoifanya awali ya kupanga lile fungu imekulipa hapa.

Endelea. Tatu na nne: chukua tatu. Tano na nne: chukua nne, na jozi tatu zimenyooka kwa mpigo. Ni ile ile nne iliyotembea mizunguko mitano kwenye viputo! Tano na nane: tano. Saba na nane: saba. Kumi na nane: nane. Kumi na tisa: tisa. Kumi inafunga. Ulinganisho 7.

Jumla yote ni 4, na 6, na 7, yaani 17 dhidi ya 27 za viputo. Na nikuambie kwamba mkono huu umeipa njia ya kuunganisha siku yake mbaya kabisa; kwa karata nane haiwezi kamwe kuzidi 17.

Tofauti ya 17 na 27 haimtoi mtu jasho. Ndiyo maana wanaoanza kujifunza programu huandika viputo, wakajaribu kwa namba kumi, wakaona kompyuta imejibu papo hapo, na wakaridhika. Tatizo linakua na idadi. Ukiongeza karata mara mbili, kazi ya viputo inaongezeka karibu mara nne. Ya kuunganisha inaongezeka mara mbili na kidogo, kwa sababu unachokiongeza ni ngazi moja tu ya kugawa.

Kwa pakiti ya 52, viputo vinaweza kufika ulinganisho 1,326. Kuunganisha hakuzidi 249. Ukiwa mtulivu na kila ulinganisho ukikuchukua sekunde mbili, hizo ni kama dakika 44 dhidi ya dakika 8. Sasa chukua majina milioni moja. Viputo vinakaribia ulinganisho bilioni 500. Kuunganisha hakufiki milioni 19, kwani milioni moja inagawika nusu kwa nusu mara 20 tu kabla kila jina halijabaki peke yake. Tuseme kompyuta inalinganisha mara milioni 100 kwa sekunde. Viputo vitaichukua zaidi ya saa moja na dakika 20. Kuunganisha, sehemu ya tano ya sekunde.

Je, kuna njia inayoweza kushuka sana chini ya hizo 249? Hapana, si kwa kulinganisha mbili mbili. Karata 52 zinaweza kupangika kwa namna nyingi mno, idadi yenye tarakimu 68. Kila ulinganisho una majibu mawili tu, kwa hiyo hata ukiuliza kwa ustadi wote huwezi kuwa na hakika ya kuondoa zaidi ya nusu ya namna zilizobaki. Ukiigawa idadi hiyo kwa mbili mpaka ibaki moja, utagawa mara 226. Hakuna njia itakayokuhakikishia chini ya hapo. Kuunganisha kunaishia 249 hata siku mbaya, karibu kabisa na sakafu.

Njia hii ni ya zamani kuliko kompyuta nyingi unazozijua. John von Neumann aliiandika mwaka 1945, akiitumia kupima kama muundo wa EDVAC, kompyuta iliyokuwa bado haijajengwa, ungefaa kwa kazi zisizo za hesabu tupu. Na kabla yake, maofisini tayari kulikuwa na mashine za kadi za matundu zilizochukua mafungu mawili yaliyokwisha kupangwa na kuyachanganya kuwa moja. Kadi halisi, za karatasi ngumu, zikilinganishwa mbele kwa mbele kama tulivyofanya mezani.

Hivi ndivyo kuunganisha kunavyoandikwa kwa Python:

```python
def merge(a, b):
    mpya, i, j = [], 0, 0
    while i < len(a) and j < len(b):
        if a[i] <= b[j]:
            mpya.append(a[i])
            i += 1
        else:
            mpya.append(b[j])
            j += 1
    return mpya + a[i:] + b[j:]

def merge_sort(k):
    if len(k) <= 1:
        return k
    kati = len(k) // 2
    return merge(merge_sort(k[:kati]),
                 merge_sort(k[kati:]))
```

Makosa yanayojirudia hapa ni machache, na kila moja lina dalili yake. Ukisahau mstari wa `len(k) <= 1`, mgawanyo hauna mwisho na Python itakukatisha kwa `RecursionError`. Ukisahau `a[i:] + b[j:]`, hakuna kosa litakaloonyeshwa. Orodha itarudi imepangika vizuri lakini fupi. Ni kama ile kumi yetu iliyobaki mezani peke yake ukaondoka ukaiacha. Kwa hiyo baada ya kupanga usiangalie mpangilio peke yake, hesabu pia kama karata zote zimerudi.

Kosa la tatu ni la kujificha zaidi: kuandika `<` mahali pa `<=`. Ukijaribu kwa namba tupu hutaona tofauti yoyote. Sasa rudi kwenye karata, safari hii zenye aina zote nne. Umeshazipanga kwa aina: kopa kwanza, kisha uru, kisha shupaza, kisha pao. Halafu unazipanga tena kwa namba peke yake. Unatarajia zile tano zote zikae pamoja, na kati yao tano ya kopa itangulie tano ya uru, kama zilivyokuwa. Kwa `<=`, namba zikilingana unachukua ya fungu la kushoto, iliyotangulia tangu mwanzo, na utaratibu wa aina unahifadhiwa. Kwa `<`, zikilingana unachukua ya kulia, na kopa zinaanza kurukwa. Dalili ni hiyo: namba ziko sawa, lakini mpangilio wa zamani ndani ya namba moja umevurugika. Mtu aliyepanga wanafunzi kwa majina, kisha kwa alama, atakuta wenye alama sawa hawafuati tena alfabeti.

Viputo vina jambo moja ambalo kuunganisha hakuna: havihitaji meza. Karata hazitoki mkononi, zinapishana humo humo. Kuunganisha kunahitaji nafasi ya pembeni ya kuweka fungu jipya linapojengwa, na kwa orodha ya milioni moja hiyo ni nafasi nyingine ya milioni moja kwenye kumbukumbu. Kwenye kifaa kidogo chenye kumbukumbu finyu, hilo ni jambo la kupimwa. Hata hivyo, hata hapo mimi nisingechagua viputo, maana ipo njia nyingine isiyohitaji meza na inayovipita. Ni ile uliyoifanya bila kufikiri pale mwanzo: kuchomoa karata na kuichomeka mahali pake.

Kuchomeka kuna udhaifu kama wa viputo idadi ikiwa kubwa, kwa sababu kila karata unayoichomeka inazisukuma nyingine. Lakini kwa mkono mdogo ni kwepesi sana. Tim Peters aliliona hilo mwaka 2002 alipoiandikia Python njia yake mpya ya kupanga, iliyopewa jina la Timsort. Inatafuta vipande ambavyo tayari vimepangika, vilivyo vifupi inavirefusha kwa kuchomeka, kisha inaviunganisha vyote kwa mtindo ule ule wa mbele kwa mbele. Na kwa muundo alioupanga, orodha yenye vitu chini ya 64 haifiki hata kwenye kuunganisha; inapangwa yote kwa kuchomeka. Pakiti ya karata 52 inaingia ndani ya kikomo hicho. Ukiipa Python pakiti iliyochangwa na kuiambia `sorted(karata)`, itachukua karata moja baada ya nyingine, itafute pa kuichomeka, na kuzisogeza zilizobaki kulia, kama unavyofanya wewe na mkono wako.